Samahani, Nilikufananisha

(Hotuba niliyoitoa kwenye warsha ya wachoraji na wahariri wa picha za magazeti, Dar es Salaam. Nimeiandika kama nilivyoisema, ila salamu ndefu za mwanzo nimezipunguza.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, wenzangu habari za asubuhi.

Sikuleta projekta. Nimeleta bango kitita na kalamu moja ya maka nyeusi, na karatasi tatu zinanitosha. Hii ya kwanza nachora sasa hivi mbele yenu. Duara kubwa. Duara dogo juu kushoto. Duara dogo juu kulia. Sijaweka jicho, pua wala mdomo.

(Ukumbini: "Mickey Mouse!")

Haya. Sijamaliza hata kufunga kalamu. Karatasi ya pili nilichora jana usiku nyumbani. Nilichukua picha ya mtu fulani, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha, nikaweka karatasi juu yake na taa nyuma, nikafuata mistari yote kwa uaminifu: ukingo wa uso, macho, nyusi, pua, midomo, masikio. Nilikaa nayo zaidi ya saa nzima. Hakuna mstari nilioubuni. Huyu ni nani?

(Kimya. Mmoja akasema, "Kama mjomba wangu wa Korogwe." Kicheko.)

Basi mjomba wako wa Korogwe na huyu wamefanana. Duniani wawili wawili. Lakini mtu niliyemchora yumo humu ndani, na wengi wenu mmempa mkono asubuhi ya leo. Nitamrudia.

Kalamu ni ileile, karatasi ni ileile, mchoraji ni yuleyule. Mmoja mmemtambua kwa maduara matatu niliyochora ovyo, mwingine hamkumjua pamoja na saa nzima ya kunakili. Nataka tuzungumze kwa nini, maana sisi humu tunaweka picha magazetini na chini yake tunaandika jina.

Tuanze na panya. Mickey alibuniwa mwaka 1928 na Walt Disney pamoja na mchoraji wake Ub Iwerks. Waliomchora kwa ajili ya sinema walikuwa wengi, kila mmoja na mkono wake, kwa hiyo studio za aina ile ziliweka karatasi ya vipimo kwa kila mhusika. Humo anaonyeshwa mbele, ubavuni na mgongoni, kichwa kinaingia mara ngapi katika urefu wa mwili, vidole vingapi. Mickey ana vitatu na dole gumba, nendeni mkahesabu. Halafu tazameni masikio. Kwa kawaida akigeuka kushoto au kulia, masikio yanabaki maduara mawili kamili, kama vile yanateleza juu ya fuvu yamfuate mtazamaji. Panya wa Kariakoo hawezi hilo. Sikio la panya wa kweli likigeuka linakuwa jembamba, lingine linajificha. Waliomchora walikataa kulificha, kwa sababu likijificha, ile alama inapotea.

Ndiyo maana hata kwa mkono mbaya anatambulika. Nani hajaona ukuta wa shule ya chekechea uliochorwa na fundi rangi wa mtaani? Macho yamekwenda upogo, pua imekuwa kama embe, kaptula imepakwa bluu kwa sababu rangi nyekundu iliisha. Mtoto wa miaka mitatu anapita anasema, "Miki!" Hajakosea. Na wala fundi hajakosea, kwa maana yake. Mhusika wa katuni ni kama herufi. Herufi "k" ya mwanafunzi wa darasa la kwanza imelala chali, ya kwako ina mkia, ya gazetini imenyooka, na zote ni "k". Hakuna mahali "k" yenyewe imekaa ikisubiri tuilinganishe nayo. Ikitimiza masharti yake machache, ndiyo yenyewe. Mickey vilevile: nyuma ya mchoro hakuna panya aliyekaa mahali. Mchoro ndiye yeye.

Mtu si hivyo. Mtu yupo kwanza, mistari inakuja baadaye, tena mistari yenyewe haimo usoni mwake. Ninyi wachoraji mnajua taabu ya shavu. Shavu lina mstari? Halina. Lina mwinuko unaoshuka taratibu kuelekea kwenye taya, na mwanga unapungua polepole hadi kivuli. Ukichora kwa mstari lazima uamue mahali pa kuuweka, na popote utakapouweka umesema uongo kidogo. Uongo kidogo shavuni, kidogo puani, kidogo chini ya mdomo, jumla yake ni mjomba wa Korogwe.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1978 watafiti wa Uingereza waliwaonyesha watu nyuso za watu mashuhuri, mara kama picha za kamera, mara kama michoro ya mistari iliyonakiliwa kutoka kwenye picha zilezile, kama nilivyofanya mimi pale dirishani. Picha za kamera walizitambua karibu tisa katika kila kumi. Michoro, pamoja na kuwekewa mistari yote muhimu, walitambua chini ya nusu. Na hao ni mashuhuri, watu ambao sura zao zinaonekana kila siku kwenye televisheni.

Kilichopotea ni nini? Ngojeni nirudi kwenye karatasi yangu ya pili. Sigusi mstari hata mmoja. Naongeza weusi tu: hapa kwenye nywele, najaza wote. Ndevu za kidevuni, najaza. Kivuli kwenye shimo la jicho, upande huu zaidi. Chini ya pua. Chini ya mdomo wa chini, kipande kidogo.

(Safu za mbele: "Ah! Mwenyekiti!")

Ndugu mwenyekiti, nisamehe, sikukuomba ruhusa. Picha niliitoa kwenye barua yako ya mwaliko.

Ndiyo hivyo. Tunamtambua mtu kwa mabaka ya weusi na mwanga kuliko kwa mistari. Wazee wa studio humu wanakumbuka negativu za filamu. Kwenye negativu mistari yote ipo mahali pake, pua ni ileile, taya ni lilelile, ila penye mwanga pamekuwa giza na penye giza mwanga. Ulikuwa unaishika kwenye taa unamtazama ndugu yako wa damu, na unakisia. Negativu ya Mickey isingekusumbua hata kidogo.

Lakini kuna kitu kingine kimetokea sasa hivi, sijui kama mmekiona. Waliosema "mwenyekiti" ni safu za mbele, wanaofanya naye kazi. Ndugu zetu waliofika jana kutoka Mtwara na Kigoma, mliomwona kwa mara ya kwanza leo asubuhi, mmekaa kimya. Weusi niliuongeza kwa wote. Waliofaidika nao ni wanaomjua.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, lakini nipite kwanza kwenye vifimbo.

Wachoraji wa ukutani na wa vitenge wamejua zamani kwamba uso wa mtu ni mgumu, wakatafuta njia ya mkato. Mwalimu Nyerere: kifimbo, kisharubu kidogo, nywele zenye mvi. Mzee Jomo Kenyatta: ndevu na usinga. Mzee Moi: rungu lake na ua kwenye koti. Yaani wanamgeuza mtu kuwa katuni, wanamtengenezea karatasi ya vipimo. Si kosa, mimi mwenyewe nimekula mkate kwa njia hiyo. Ukitaka kujua mchoro umesimama kwa uso au kwa alama, ziba kifimbo kwa kiganja chako na umwonyeshe mtu asiyejua unachora nani. Nimefanya hivyo kwa michoro yangu, na mara nyingi aliyebaki baada ya kuziba alikuwa mzee yeyote mwenye heshima zake. Kifimbo hakimtambulishi mwenyewe. Ukikishika wewe ukavaa na suti ile, ukutani utakuwa Mwalimu.

Sisi wachora vibonzo tuna njia bora kidogo, ya kukuza. Katika miaka ya 1980 mtafiti Mmarekani, Susan Brennan, aliiandikia kompyuta kazi yetu. Ilichukua wastani wa nyuso nyingi, ikapima uso wa mtu mmoja umepishana wapi na wastani huo, halafu ikazidisha tofauti. Pua iliyozidi kidogo ikazidi sana, paji lililopungua likapungua sana. Mwaka 1987 michoro hiyo ilijaribiwa kwa watu wanaofahamiana. Iliyokuzwa ilitambuliwa haraka kuliko mchoro wa mistari ulio sahihi. Uongo ulishinda ukweli kwa mwendo. Sababu ni kwamba anayemjua mtu hakuweka kichwani picha yake. Aliweka namna anavyopishana na wengine.

Kwa asiyemjua, kukuza hakusaidii. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana, mhariri wangu alinipa picha moja ya ofisa fulani aliyeteuliwa karibuni, nimchoree kibonzo cha ukurasa wa sita. Sikuwahi kumwona. Kwenye picha alikuwa na mashavu makubwa, nami nikayavimbisha kama maputo mawili. Gazeti likatoka, na hata waliofanya naye kazi wakauliza nimemchora nani. Baadaye nikakutana naye. Mtu mwembamba! Siku ile alikuwa amepigwa picha karibu mno, anacheka, na taa inatoka chini. Nilikuza ajali. Wastani nilikuwa nao kichwani, wa kupimwa nao sikuwa naye. Nilikuwa na picha yake moja, nikaidhani ni yeye.

Jaribio linaloeleza kisa changu lilichapishwa mwaka 2011, nalo mnaweza kulifanya nyumbani. Watafiti walichukua kadi 40, kila moja ina uso. Walikuwa wanawake wawili tu, watu maarufu wa Uholanzi, kila mmoja picha 20 za siku tofauti, taa tofauti, nywele tofauti. Waingereza, ambao hawakuwajua, wakaambiwa: pangeni mafungu, kila mtu fungu lake. Kwa kawaida walipanga mafungu saba au nane. Wanawake wawili wakawa saba, wakawa wanane. Waholanzi wakapewa kadi zilezile, na karibu wote walipanga mafungu mawili, kama wanacheza.

Tazameni kosa lilivyo. Waingereza hawakuwachanganya sana wanawake wale. Walichoshindwa ni kuona kwamba picha hizi mbili zisizofanana ni za mtu mmoja. Nasi tumezoea kuogopa mapacha, kumbe pacha anayesumbua zaidi ni wewe wa jana na wewe wa leo. Uso wako kwenye selfi, simu ikiwa umbali wa mkono uliokunjwa, sentimita 30 hivi, pua inaonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ukipigwa kutoka mita moja na nusu. Hiyo ni hesabu iliyochapishwa mwaka 2018, na wapigapicha hapa walikuwa wanaijua kabla, ndiyo maana mnarudi nyuma hatua mbili na kuvuta lenzi. Ongeza kamera ya ulinzi iliyowekwa darini, inayoona utosi na kofia. Mickey hana selfi. Hana siku aliyoamka vibaya.

Kuna atakayesema, hiyo ni raia wa kawaida, wataalamu je? Maofisa wa pasipoti wa Australia walipimwa, matokeo yakatoka mwaka 2014. Mtu amesimama mbele yao, mkononi wameshika picha. Picha ilipokuwa ya mtu mwingine, waliikubali mara 14 katika kila 100. Kwenye mtihani wa kulinganisha picha na picha hawakuwashinda wanafunzi wa chuo, na miaka ya kazi haikuongeza chochote. Kutazama nyuso ngeni elfu kila wiki hakukufanyi umjue hata mmoja.

Sasa kisa kimoja kwa ukamilifu wake, kwa sababu kina hatua zote na kilifika mahakamani. Oktoba 2018, Detroit, Marekani, mtu aliingia kwenye duka akaiba saa zenye thamani ya dola kama 3,800. Kamera ya duka ikamnasa, kwa picha isiyo nzuri, mtu mweusi mwenye kofia. Polisi wakapeleka picha hiyo kwenye kompyuta inayolinganisha nyuso, ikapekua hifadhi yenye picha za leseni za udereva za jimbo la Michigan. Kompyuta hiyo haijui jibu la "hayupo humu" kama tunavyolijua sisi. Inatoa orodha ya wanaokaribia, kuanzia anayefanana zaidi. Humo ikatoka leseni ya zamani ya Robert Williams.

Mpaka hapo hakuna aliyesema huyu ndiye. Kompyuta imefanya kile tunachokiita kwa Kiswahili kumfananisha mtu. Lugha yetu ilishaona hatari: unamwita mtu Kariakoo, anageuka siye, unasema "samahani, nimekufananisha," basi. Detroit hawakusema samahani. Walichukua ile picha ya leseni, wakaichanganya na nyingine tano, wakamwonyesha mwanamke wa kampuni ya ulinzi. Mwanamke yule hakuwapo dukani siku ya wizi. Alikuwa ameitazama video ileile tu. Akamchagua Williams. Kwenye jalada ikaonekana sasa ushahidi ni wa pande mbili, kompyuta na mtu. Hesabuni nyie: ni picha moja mbovu iliyotazamwa mara mbili, na mara ya pili ilitazamwa na mtu aliyewekewa mezani yule aliyekwisha kuchaguliwa kwa kufanana. Ukimtoa mmoja wa wanaofanana zaidi kati ya mamilioni, ukamchanganya na watano wa kawaida, shahidi atamchagua nani? Gwaride la utambuzi la namna hiyo linajaribu kompyuta kama iko sawa. Halimjaribu mtuhumiwa.

Januari 2020 akakamatwa nje ya nyumba yake, mkewe na binti zake wadogo wakitazama. Akakaa mahabusu saa 30 hivi. Kwenye chumba cha mahojiano wakamwekea mezani picha ya kamera ya duka. Akaichukua, akaiweka karibu na uso wake mwenyewe, akawaambia huyu si mimi. Polisi waliompekua, waliomfunga pingu na kumpeleka, walikuwa na uso wake hai mbele yao muda wote ule. Mwaka 2024 jiji lilikubali kumlipa dola 300,000, na polisi wakakubali kwamba kompyuta ikitoa jina, jina hilo peke yake halitoshi kumkamata mtu, wala kumwandalia gwaride la picha bila ushahidi mwingine unaomhusisha.

Mkewe angeulizwa swali moja, angejibu kwa sekunde mbili.

Kwetu kompyuta haihitajiki, kundi la WhatsApp linatosha. Inarushwa picha ya kijana kwenye bodaboda, imekatwakatwa, imefifia kwa kutumwa mara mia, chini yake: "Mwizi huyu, mkimwona toeni taarifa." Dakika kumi mtu anaandika, "Huyu si kijana wa mama fulani pale kwa mangi?" Mwingine, "Ndiye kabisa." Huyo wa pili alikuwa hajasema kitu mpaka alipopewa jina. Ukishapewa jina, unaitazama picha kutafuta alama zake, kofia nyekundu, kovu, namna ya kusimama, unamsoma kama Mickey. Na ukisoma hivyo utampata tu. Mnajua kinachofuata mtaani.

Kwa hiyo kwenye meza yangu nina utaratibu, na kwa kuwa mmenialika niseme, nausema. Picha ikija na jina, nalifunika jina, namtafuta mtu mmoja anayemfahamu mhusika nje ya picha: jirani, mwalimu wake, aliyekaa naye bweni. Namwonyesha picha bila kusema lolote. Namuuliza "nani huyu?" na si "huyu si fulani?" Akitaja jina mwenyewe, naandika. Akisema "anafanana na fulani," siandiki, kwa sababu amenipa jibu la kompyuta ya Detroit. Halafu naomba picha ya pili ya siku nyingine kabisa. Asiyemjua mtu akiona picha mbili zisizolingana atasema ni watu wawili, anayemjua atacheka. Kicheko hicho kwangu kina uzito kuliko cheti cha mtaalamu.

Kuna siku inakuwa haiwezekani, gazeti linakwenda mitamboni saa nne usiku, hakuna jirani, hakuna picha ya pili. Siku hizo picha inatoka bila jina, au haitoki. Nimegombana na wahariri kwa hilo na nitagombana tena.

Karatasi ya tatu, nilisema ninazo tatu. Hii niliomba binti yangu wa miaka sita achore jana, nikamwambia, nichoree bibi. Mnaona: kichwa kama kiazi, mikono inatoka masikioni, na hili ni pembe la ng'ombe au kilemba, sijui. Nikampigia mama simu ya picha nikamwonyesha. Akatazama sana. Akasema, "Huyu mimi. Lakini mwambie shangazi yake yule wa Tanga akiona atasema ni yeye."